Kabla ya Kutaja Bei

"Sola ya kuendesha friza mbili ni shilingi ngapi?" Wauza sola wa Dar es Salaam hulisikia swali hili kutwa, na wengi hutaja bei papo hapo. Dada ninayemsifu hapa hana haraka hiyo. "Bei nitakupa, kaka, ila nisije nikakuuzia usichokihitaji. Mara ya mwisho ilikuwaje?"

Mtu ukimuuliza anataka nini, atakutajia alichokiona kwa jirani. Muulize kilichomtokea, atakusimulia. Mwenye bucha mmoja aliyempigia simu alisema nyama imemwozea. Umeme ulikatika? Wala, ulikuwepo, friza ilinguruma kidogo, ikazima, ikarudia. Na taa? Jioni hufifia.

Basi hapo sola ikaanza kuwa mbali. Kompresa ikianza kuwaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshashika mzunguko. Volti zikishuka sana chini ya 230, inashindwa kuanza, inapata moto, na kinga yake inaizima. Kwa hiyo fundi apime jioni, friza ikijaribu kuwaka, kwenye mita na kwenye soketi. Zikiwa chini kote, laini ya mtaa imezidiwa, na stabilaiza huenda ikatosha. Zikiwa chini kwenye soketi tu, waya wa dukani ni mwembamba au umelegea mahali, na hilo hurekebishwa kwanza.

Kuhusu fedha, dada haulizi "una bajeti gani?", kwa kuwa jibu lake ni "wewe sema tu." Huuliza hasara. Kilo 20, mara mbili kwa mwezi. Kwa shilingi 10,000 kilo, ni laki nne. Hesabu hiyo mteja aliipiga mwenyewe. Ndipo dada akamwekea ncha mbili: stabilaiza ni laki kadhaa, sola yenye betri ni mamilioni. "Nikuandikie ya upande upi?" Akanyamaza, akamwacha afikiri. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda wauzaji wengi.

La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Ukimuuliza mwanamume kama yeye ndiye mwamuzi, nani atakataa? Dada aliuliza, "Hizo friza mlizinunuaje?" Kumbe kaka wa mwenye bucha, aliyeko Muscat, ndiye aliyetuma pesa, na hakutuma mpaka fundi wao wa siku zote alipokwenda kuziona. Watu wawili hao wasingetajwa, bei ingekaa kwenye simu ya mwenye bucha wiki nzima bila jibu. Dada akaomba fundi huyo awepo siku ya kupima, na makadirio akaahidi kuyaandika ukurasa mmoja, ya kusomeka hata na asiyeliona duka, yatumwe Muscat kwa WhatsApp.

Si kila mpiga simu wa kuulizwa hivi. Anayelinganisha bei tu huchoka upesi, huona anahojiwa kituoni. Huyo, dada humpa ncha zake mbili na kumuaga vizuri. Mwenye bucha yeye aliambiwa asubiri vipimo, na bei kamili ya sola hakutajiwa.