"Niliwaambia" ni sehemu ya taarifa

Tuchukue mfano wa mafundi wa maji wanaohudumia Mwisenge, Nyasho na Bweri, mjini Musoma. Kufikia saa sita mchana, kundi lao la WhatsApp lina jumbe kama hizi: "Nyasho tayari." "Bweri maji yanatoka ila presha ndogo." "Mwisenge limepasuka tena palepale. Koplingi hakuna. Niliwaambia." "Saa 8 tunafungua." Meneja anataka taarifa, na mratibu ndiye wa kuiandika.

Mratibu mwenye haraka ataandika: "Kazi Mwisenge inaendelea licha ya changamoto ndogo." Adabu ipo, ila "tena", "palepale" na koplingi vimepotea. Meneja akisoma hivyo hatatoa koplingi, maana hakuna aliyemwomba.

Kinachosaidia ni kupanga jumbe kwa eneo badala ya kufuata nani kaandika lini, kisha kila eneo lieleze hali ilivyo, kilichokwama na kinachoombwa. Nyasho itaishia sentensi moja, baada ya kumuuliza fundi "tayari" yake ni ipi: bomba limezibwa, au maji yameshafika kwa wateja? Bweri iandikwe kama ilivyo, presha ndogo, bila mratibu kubuni sababu ambayo fundi hakuitaja.

Saa nazo zinataka macho. Simu inaonyesha ujumbe umeingia 11:20, yaani saa 5:20 asubuhi, na fundi anaposema saa 8 anamaanisha mchana. Ukichanganya hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, meneja ataona maji yalifunguliwa kabla ujumbe haujatumwa. Andika zote kwa saa za kwetu, na useme ni asubuhi au mchana. Uliza pia ni wapi kunakofunguliwa, kwa sababu ujumbe haukutaja.

Neno gumu kuliko yote ni "niliwaambia". Linasikika kama lawama, na wengi hulifuta. Mimi naona hapo ndipo pa kumpigia fundi simu: uliwaambia nini? Katika mfano wetu anajibu kwamba bomba hilo la inchi 2, lililozibwa jana, limefukiwa juujuu na magari yanapita juu yake, kwa hiyo kuziba peke yake hakutoshi. Hasira ilikuwa imebeba chanzo cha tatizo. Sasa taarifa inasomeka hivi:

"Mwisenge: Bomba la inchi 2 limepasuka tena mahali palepale lilipozibwa jana. Kazi imesimama kwa kukosa koplingi. Fundi alishauri awali, na anashauri tena, lifukiwe chini zaidi kwa kuwa magari hupita juu yake. Tunaomba koplingi 1 leo, pamoja na idhini ya kuchimba upya."

Kabla haijaenda kwa meneja, fungu hilo lirudishwe kwa fundi alisome. Hapo ndipo anapojibu, kwa ufupi wake uleule: "Sawa. Ila koplingi 2, kipande kilichooza kinakatwa."