Gramu moja ya kreatini na bei zake nne

Mtu anayenyanyua vyuma Mbeya au Iringa, akitaka kununua kreatini, siku hizi atakutana nayo katika sura nne: unga mtupu kwenye kopo, kapsuli, pipi laini za jeli, na kinywaji kilichochanganywa tayari. Wengi hulinganisha bei ya kopo moja na ya jingine, na hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu makopo hayo hayabebi kiasi kimoja cha kreatini. Kinachopaswa kulinganishwa ni bei ya gramu.

Kipimo cha kawaida ni gramu 3 hadi 5 kwa siku. Hebu tuchukue gramu 5, na tufanye hesabu kwa bei za mfano tu, maana bei halisi hubadilika kutoka duka hadi duka. Kopo la unga la gramu 300 tuliwekee shilingi 90,000. Ukigawanya, gramu moja ni shilingi 300, siku moja ni 1,500, na kopo linakwenda siku 60. Kichupa cha kapsuli 120, kila moja ikiwa na miligramu 750, tukiweke shilingi 60,000. Kwa macho kapsuli ni nafuu kwa 30,000. Lakini 120 mara 750 ni gramu 90 tu, yaani siku 18, na gramu moja inafika karibu shilingi 670. Pipi 90 za jeli zenye gramu moja kila moja nazo zinatosha siku 18. Zikiuzwa 120,000, gramu moja ni zaidi ya shilingi 1,300. Chupa ya kinywaji yenye gramu 3, ikiuzwa 7,000, inaipeleka gramu hadi 2,300 na ushei. Kitu ni kilekile, na tofauti kati ya unga na kinywaji inakaribia mara nane.

Kwa nini iwe hivyo? Tuanze na kapsuli, maana sababu yake ni nyepesi. Ganda kubwa ambalo mtu mzima anaweza kulimeza bila taabu lina nafasi isiyofika mililita moja, na unga wa kreatini ni mwepesi. Kwa hiyo gramu 5 zinahitaji kapsuli saba. Mnunuzi analipia maganda saba, mashine ya kuyajaza, unga kidogo wa kulainisha ili kreatini isikwame kwenye mashine, na kichupa kikubwa kuliko mzigo uliomo. Ujanja wa lebo uko hapa: mbele imeandikwa miligramu 3,000 kwa herufi kubwa, na nyuma kwa herufi ndogo utasoma kwamba hizo ni za kapsuli nne. Namba ya kutafuta ni miligramu za kapsuli moja.

Pipi za jeli ndizo zenye kazi ngumu zaidi kiwandani, na ndizo ninazozitilia shaka kuliko zote. Pipi hutengenezwa kwa sharubati nzito ya sukari iliyopikwa, ikashikizwa kwa jelatini au pektini, ikatiwa asidi ya limau ili iwe na uchachu. Kreatini haipendi mambo matatu yakikutana, yaani maji, joto na asidi. Yakikutana inageuka kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye mkojo na misuli haina kazi nayo. Tena haiyeyuki kirahisi. Lita moja ya maji yenye joto la kawaida la chumbani hushika takribani gramu 14 tu, hivyo ndani ya pipi hubaki kama mchanga na haisambai sawasawa. Mtengenezaji mwaminifu hulazimika kuongeza kreatini ya ziada kufidia itakayoharibika, kupunguza asidi, na kupima kila mkupuo maabara. Hiyo ni gharama ya haki. Asiye mwaminifu huacha kupima. Vipimo vya maabara huru vilivyofanywa Marekani miaka ya karibuni vimekuta pipi zenye kreatini pungufu sana kuliko ilivyoandikwa, na nyingine karibu hazina kabisa. Kwa ulimi huwezi kujua, kwa kuwa utamu unafunika kila kitu.

Kinywaji kina mkasa wa aina hiyohiyo, ila chenyewe ni maji tangu mwanzo. Mapitio ya kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kreatini iliyokaa kwenye maji ya nyuzi 25 kwa siku tatu ilipungua asilimia 4 pale uchachu ulipokuwa mdogo, kipimo cha pH kikiwa 5.5. Kwenye pH 4.5 ilipungua asilimia 12, na kwenye 3.5 asilimia 21. Vinywaji vingi vya ladha ya matunda viko kwenye eneo hilo la chini. Sasa fikiria chupa iliyokaa ghalani Dar es Salaam, ikapita Morogoro kwenye lori la jua kali, ikapanda Kitonga, ikashuka Iringa au ikaendelea hadi Mbeya. Baridi ya Nyanda za Juu itaikuta wakati siku zake mbaya zimeshapita.

Halafu kuna uzito. Dozi 60 za unga ni gramu 300 na kopo lake, mzigo unaoingia kwenye begi la abiria wa basi. Dozi 60 za kinywaji cha mililita 400 ni kilo 24 za maji kabla hujahesabu chupa. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na nauli ya mzigo hulipwa kwa uzito na nafasi. Mteja wa Mwanjelwa analipia usafiri wa maji ilhali bomba liko nyumbani kwake.

Unga wenyewe, ukiwa mkavu, hauna matatizo hayo. Kreatini monohaidreti imewekwa kwenye joto la nyuzi 40 kwa zaidi ya miaka mitatu bila kuharibika kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ukiona umeganda mabonge baada ya masika, uponde uendelee kuutumia, ilimradi hauna harufu wala ukungu. Kuhusu ulaghai, ulimi hapa unasaidia: kreatini tupu karibu haina ladha. Unga mtupu ukiwa mtamu, kuna kilichoongezwa.

Hatari ya unga ni kijiko. Kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu hubeba kama gramu 3, kilichojaa kwa kilima hufika 5 au hupita. Angalia siku: kopo la gramu 300 likiisha siku 40 badala ya 60, umekuwa ukila gramu 7.5. Kuyeyusha si shida kwa mtu wa Mufindi au Tukuyu, kwani chai ya moto huyeyusha kreatini vizuri kuliko maji baridi, na dakika chache za joto haziiharibu. Usiiache tu kwenye chupa ya chai hadi kesho yake. Kwenye uji wa ulezi nayo haina neno, hata isipoyeyuka yote.

Bei inaweza kushushwa zaidi bila kubadili duka. Utafiti wa Hultman na wenzake wa mwaka 1996 ulikuta kwamba gramu 3 kwa siku kwa siku 28 huijaza misuli sawa na gramu 20 kwa siku kwa siku sita. Asiye na haraka ya shindano anaweza kuanza na gramu 3 na kubaki hapo, na lile kopo la mfano wetu litakwenda siku 100 kwa shilingi 900 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari. Hata mzima akipimwa damu aseme anatumia, kwa sababu kreatinini itaonekana imepanda na mpimaji anaweza kudhani figo zina hitilafu.

Kapsuli ninaziona zina nafasi kwa dereva au mchezaji anayelala safarini wiki nzima, asiyetaka kubeba unga mweupe ndani ya mfuko usio na lebo. Huyo analipa mara mbili na anajua analipia nini.