Tangazo la Boxer Lililotaja Moshi Wake

Anayetafuta pikipiki iliyotumika hukutana kila siku na maneno yaleyale: "Injini haijaguswa, mali safi, njoo na hela yako." Hakuna hata neno moja hapo ambalo mnunuzi anaweza kulikagua. Tangazo tunalolichambua leo, la muuzaji wa Morogoro, lilishika njia nyingine:

"Nauza Bajaj Boxer BM 150 ya 2019. Niliinunua mpya, kadi ina jina langu, haina mkopo wala mkataba. Imepiga bodaboda miaka mitatu, baada ya hapo naiendesha mwenyewe. Ikiwashwa asubuhi inatoa moshi wa bluu sekunde chache, kisha unakata. Cheni na sproketi zimekwisha, tairi la nyuma limekwisha, shokapu za mbele zinavuja oili. Dashibodi inasoma kilomita 38,412, ila waya wa spidomita ulikaa muda mrefu umekatika, usiitegemee. Bei 1,350,000, nikimpata wa haraka napunguza 50,000. Italala gereji jirani na kituo cha polisi. Njoo saa moja asubuhi na fundi wako, sitaiwasha kabla hujafika. Usije na pesa taslimu, usitume kianzio."

Tuanze na moshi, maana ndiyo sentensi ambayo wauzaji wengi wangeifuta. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya silinda. Gharama yake inategemea oili hiyo inapenyea wapi. Ikiwa sili za valvu zimekakamaa, oili iliyobaki kwenye kichwa cha injini huchuruzika taratibu usiku kucha na kuingia kwenye silinda. Asubuhi injini inaiunguza mara moja, moshi unakata, na mchana kutwa huoni kitu. Ikiwa ni ringi za pistoni au silinda yenyewe imelika, moshi haukati. Unazidi pikipiki inapopanda mlima na abiria, na hapo dawa ni kuchonga bloku au kuibadilisha, kazi ya bei kubwa kuliko sili.

Angalia muuzaji alivyoandika. Hakusema "sili za valvu tu, kitu kidogo." Alieleza anachokiona na saa anayokiona, akamwachia fundi wa mnunuzi kutaja ugonjwa. Kisha akaweka miadi asubuhi mapema, injini ikiwa baridi, kwa sababu dalili hii ni vigumu kuiona injini ikishachemka. Pikipiki iliyokwisha kuchemka saa nne asubuhi ingefaulu mtihani huu bila kuwa nzima. Kwa hiyo mnunuzi akifika, kwanza aweke kiganja kwenye injini. Ikiwa na uvuguvugu, imeshawashwa na ahadi imevunjwa. Ikiwa baridi, mmoja apige kiki na mwingine asimame nyuma ya ekzosi. Baadaye ipandishwe mlima na mtu nyuma, na moshi uangaliwe tena.

Kasoro nyingine zimeandikwa kwa namna hiyohiyo, kila moja ina kipimo chake. Cheni huvutwa kwa vidole pale inapozunguka nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka hadi nusu ya jino ionekane, imekwisha, na meno yaliyopinda upande mmoja yanathibitisha. Shokapu hubanwa kwa kushika breki ya mbele na kusukuma usukani chini mara kadhaa, kisha kidole kinapitishwa kwenye bomba lake. Kikirudi na oili, sili zimekufa. Kuhusu dashibodi, muuzaji angeweza kujivunia hizo kilomita 38,412, lakini pikipiki iliyopiga bodaboda miaka mitatu isingeaminika kwa namba hiyo. Kusema waya ulikatika kumemwondolea ubishi ambao angeshindwa.

Sasa bei. Aliyepiga simu alipewa hesabu yenyewe. Boxer za umri huo zisizo na kasoro hizi, alisema, mtaani kwake zilikuwa zinaulizwa 1,600,000. Akatoa sili za valvu, kama ndizo zenye kasoro, na ufundi wake 60,000, tairi 80,000, cheni na sproketi 65,000, shokapu 45,000. Jumla ni 250,000, ndiyo maana ya 1,350,000. Faida ya hesabu hii ni kwamba mnunuzi hawezi kunyoosha kidole kwenye tairi na kudai apunguziwe, kwa kuwa tairi limeshapunguzwa. Akitaka kushusha zaidi, alete kasoro ambayo haikutajwa. Hapa ndipo ukweli unapomlipa muuzaji: unafunga mlango wa maelewano yasiyo na mwisho.

Lakini alijiharibia mwenyewe alipoongeza kwamba wa haraka atapunguziwa 50,000. Anayesoma sentensi hiyo anajua bei ni 1,300,000, na atashuka kuanzia hapo. Punguzo hutolewa mezani, halitangazwi.

Karatasi aliziandika kwa ufupi unaotosha. "Haina mkataba" ni neno zito kwa pikipiki ya bodaboda, maana nyingi huendeshwa na dereva anayelipa hesabu kwa mwenye mali hadi deni liishe, na dereva wa namna hiyo hana haki ya kuuza. Mnunuzi adai kadi halisi, si nakala, kwa kuwa kadi ya pikipiki yenye mkopo mara nyingi hukaa kwa mkopeshaji. Halafu alinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya pikipiki, na namba ya injini, na zile za kwenye kadi. Apitishe kidole juu ya namba hizo zilizogongwa: chuma kilichopigwa tupa, au tarakimu zisizokaa mstari mmoja, ni sababu ya kuondoka. Faini za barabarani huangaliwa kwa namba ya usajili, ile inayoanza na MC, na muuzaji angefanya vema kuitoa kwa simu kabla ya miadi. Hilo tangazo halikulisema.

Mahali pa kukutana pamechaguliwa vizuri: kuna mwanga, kuna watu, polisi wapo jirani, na mnunuzi hafiki nyumbani kwa mtu asiyemjua. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuijaribu barabarani. Mgeni akikabidhiwa ufunguo anaweza asirudi, na kitambulisho alichoacha kinaweza kuwa cha kughushi. Muuzaji akae nyuma, au mnunuzi aendeshe huku mwenzake amebaki gerejini.

Kuhusu malipo, kukataa pesa taslimu kunamlinda mnunuzi njiani. Muuzaji naye asiuamini ujumbe wa simu unaosema pesa imeingia, kwa kuwa ujumbe hughushiwa. Aangalie salio lake mwenyewe, au wamalizie benki. Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili palepale mjini, kisha wahamishe umiliki TRA bila kuchelewa. Mpaka hapo, faini na ajali zote zitakuwa zinamtafuta mwenye jina lililoko kwenye kadi.

Kwa jumla ni tangazo zuri lenye upungufu wa mambo matatu: lingeficha punguzo, lingeahidi namba ya usajili kwa simu, na lingeeleza majaribio ya barabarani. Unayetaka kuuza yako, andika kila kasoro pamoja na namna ya kuipima, itoe kwenye bei, na usiwashe injini mpaka mteja aiguse.