Saa Inayoonekana Sahihi na Rekodi Inayopotea

Televisheni ya Bunia inaporekodi kipindi mapema kwa saa moja kamili, si kwa dakika saba wala ishirini, mara nyingi mwenye nyumba huituhumu saa ya televisheni, anaingia kwenye menyu na kuisogeza. Hoja yangu ni kwamba kusogeza huko ndiko mara nyingi kunakozaa kosa. Ndani ya televisheni kuna vitu viwili: saa ya dunia, inayoandikwa UTC, na ukanda, yaani idadi ya saa za kuongeza ili kupata saa ya hapa. Namba tunayoiona kwenye kioo ni jumla ya hivyo viwili, na jumla inaweza kuwa sahihi huku vyote viwili vikiwa na kosa. Ituri iko UTC+2, pamoja na mashariki yote ya Kongo; Kinshasa iko UTC+1; Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, iko UTC+3. Kwa hiyo pande zote mbili za Bunia kuna ukanda mwingine unaoweza kuingia kwenye mashine bila mtu kuutambua.

Kituo cha matangazo ya kidijitali hutuma wakati kwa UTC ndani ya mawimbi, kwa kawaida angalau mara moja kila sekunde 30, na ratiba ya vipindi nayo husafiri kwa UTC. Televisheni ndiyo inayoongeza ukanda kabla ya kutuonyesha. Tuchukue mechi inayoanza saa 19:00 UTC na kwisha saa 21:00 UTC, ambayo kwa Bunia ni saa 21:00 hadi 23:00, yaani saa tatu usiku hadi saa tano. Televisheni imewekewa ukanda wa Kinshasa, na kituo hakitumi wakati. Mwenye nyumba anaona saa iko nyuma, anatazama saa ya mkononi na kuandika saa ya Bunia. Sasa kioo kinapendeza, lakini mashine, ikitoa moja badala ya mbili, inaamini kwamba UTC imetangulia kwa saa moja. Ratiba itaonyesha mechi kuanzia 20:00 hadi 22:00, na mtu akibonyeza kurekodi kutoka kwenye ratiba hiyo, mashine itaanza saa 20:00 ya Bunia. Atapata saa moja ya kipindi kilichotangulia, kisha saa ya kwanza ya mechi, na mwisho wake atausikia kwa majirani. Ajabu ni kwamba kama kituo kingekuwa kinatuma wakati, ukanda huohuo wa Kinshasa ungeonyesha saa mbaya kwenye kioo lakini rekodi ingeanza palepale inapotakiwa, kwa kuwa UTC ingekuwa salama.

Mtu anaweza kupinga kwamba vipima muda anavyoviandika mwenyewe, bila kupitia ratiba, havijawahi kumwangusha. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu kosa hili hujificha kwa muda mrefu. Anapoandika kwa mkono kuanzia 21:00 hadi 23:00, mashine inalinganisha namba hizo na saa ileile ya kioo, na makosa mawili yanafutana. Ratiba haina huruma hiyo, kwa sababu inakuja na UTC yake kutoka nje. Kwa hiyo kipima muda cha mkono kikifanikiwa na cha ratiba kikikosea kwa saa kamili, usiguse saa. Nenda kwenye ukanda.

Kuna mtego mwingine unaostahili kutazamwa kwa karibu. Menyu za televisheni nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya hazina Kongo kwenye orodha ya nchi, na mtu anayezisoma kwa Kifaransa huchagua Ufaransa kwa sababu ndiyo lugha anayoielewa. Ufaransa hutumia UTC+2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, halafu hurudi UTC+1. Maana yake, karibu miezi saba ya mwaka televisheni hiyo inakwenda na Bunia bila tatizo, kisha usiku mmoja wa mwisho wa Oktoba inahamia Kinshasa yenyewe. Mwenye nyumba hajagusa kitu, hivyo analaumu kituo au fundi wa antena. Dawa ni kutafuta mstari wa `Fuseau horaire`, kuchagua UTC+2 moja kwa moja, na kuzima `Heure d'été`. Kama mashine haitoi ukanda bila nchi, Afrika Kusini inafaa, kwani iko UTC+2 mwaka mzima. Ila jua kwamba kubadili nchi kwenye mashine nyingi huamsha utafutaji mpya wa vituo na kunaweza kuvuruga mpangilio wa namba zake. Ukanda peke yake, pale unapopatikana, ni njia safi zaidi.

Utaratibu basi ni huu: kwanza uamue kama saa iwe `Auto` au `Manuel`, halafu uweke ukanda, kisha tarehe pamoja na mwaka, na saa iwe ya mwisho. Ukianza na saa, kubadili ukanda baadaye kutaisogeza tena. Kisha pima. Fungua kituo kinachotuma ratiba, ngoja kipindi kipya kianze, na ubonyeze kitufe cha taarifa. Jina la kipindi kinachoendelea huja kutoka kituoni likiwa tayari limetambulishwa kuwa ndicho cha sasa, kwa hiyo saa mbovu ya televisheni hailibadilishi; muda wa kuanza unaoonyeshwa pembeni yake hutegemea ukanda tu. Kipindi kikiwa kimeanza saa 21:00 kwa saa unayoiamini na kioo kikasema 20:00, ukanda ndio mbaya. Kikisema 21:00 lakini saa ya televisheni ikasema jingine, ukanda ni mzima na saa ndiyo ya kurekebishwa. Kipimo hiki hakifai pale kituo chenyewe kinapochelewesha vipindi vyake, hivyo kirudie kwenye kituo cha pili.

Wengine watasema `Auto` inatosha. Inatosha pale kila kituo kinapotuma wakati ulio sahihi. Lakini kila masafa hubeba wakati wake, na kituo kikiweka saa ya mahali kwenye nafasi ya UTC, saa ya televisheni itaruka kila unapohama kituo. Ukiona hivyo, hamia `Manuel`. Kuchukua saa kwenye simu nako kuna mpaka wake: simu iliyo Kasenyi au Mahagi ikinasa mtandao wa Uganda inaweza kuonyesha saa moja mbele. Intaneti huleta UTC nzuri kwa data kidogo sana, lakini haijui uko Ituri, na ukanda unabaki kazi yako.

Kinachobaki ni umeme. Televisheni nyingi hazina betri ya kutunza saa, na umeme ukikatika bila wakati kutoka hewani, zinaamka na tarehe ya kiwandani. Baadhi huonyesha 01/01/1970: ikiandika 02:00 muda mfupi baada ya kuwaka, ukanda wa Bunia umehifadhiwa, ikiandika 01:00, ni wa Kinshasa. Vipima muda huweza kubaki kwenye kumbukumbu vikingoja saa ambayo haitafika. Hata umeme usipokatika, saa iliyowekwa kwa mkono huteleza: kosa la sehemu 50 kwa milioni ni zaidi kidogo ya sekunde nne kwa siku, kama dakika mbili kwa mwezi. Hilo linafidiwa kwa kuanza rekodi dakika tano mapema na kuifunga dakika kumi na tano baadaye. Saa nzima ya ukanda haifidiwi hivyo bila kujaza flashi vipindi usivyovitaka.