«Futa mchezo mkubwa»: shauri linaloharibu mega zetu

Kuna shauri moja ninalolisikia kila mara PS4 ya mtu imeisha kujaa: «Futa tu ule mchezo mkubwa, utaurudisha kisha.» Mimi ninalipinga, na minasema wazi kwamba hata konsoli yenyewe inatusukuma tulifuate. Ukiingia Settings > Storage, unaona orodha ya michezo na ukubwa wa kila mmoja. Macho yanakwenda moja kwa moja kwa namba kubwa. Lakini kwetu huku, ambako intaneti tunainunua kwa mega, ukubwa haiko swali la kwanza. Swali la kwanza ni: kuurudisha huu mchezo kutanigharimu nini?

Tuanze na diski ya ndani. PS4 iliyoandikwa 500 GB kwenye karto haikupi 500 kwa michezo. Mfumo wenyewe unachukua sehemu yake, na hesabu za kiwanda haziko sawa na zile za skrini, basi unabaki na kama 400 na kidogo. Kisha kuna jambo ambalo batu bengi hawalijui: hata mchezo wa CD unaingia wote mzima ndani ya diski. Ile CD, kisha kuingiza, inakuwa sawa ufunguo wa kuthibitisha kwamba mchezo ni wako. Juu ya hiyo, kusema «mimi ninatumia CD, diski yangu haiwezi kujaa» ni kujidanganya.

Lakini kero kubwa ni masasisho. Mtu anaona sasisho la GB 2, anaona iko na nafasi ya GB 35, na konsoli inakataa. Juu ya nini? PS4 mara nyingi haibandiki sasisho juu ya mchezo wa zamani. Inatengeneza nakala mpya ya mchezo pamoja na sasisho, kisha inafuta ile ya zamani. Ndiyo maana kisha kupakua, unaona neno «Copying» linakaa kwa muda. Kwa hiyo mchezo wa GB 45 unaweza kuomba nafasi ya GB 45 na zaidi, hata kama sasisho ni dogo kabisa. Hii inamlinda mchezaji, kwani nakala ikiharibika katikati ule wa zamani upo. Lakini skrini inamwambia tu kwamba nafasi haitoshi, bila kumweleza sababu, na yeye anakimbilia kufuta.

Tuchukue mfano, na namba nimezirahisisha. Nafasi ni GB 400. Ndani kuna mchezo wa mpira wa CD, GB 45. God of War ya CD, GB 45. GTA V iliyopakuliwa, GB 100. Call of Duty iliyopakuliwa, GB 150. Na michezo midogo GB 25. Jumla 365, inabaki 35. Sasisho la mpira linafika, linakataliwa. Anayefuata lile shauri la barabarani anafuta Call of Duty, kwani ndiyo kubwa. Nafasi inapatikana, ni kweli. Lakini siku akiitaka tena, ni GB 150 za mega, na pengine usiku tatu nne za kungojea.

Angefuta God of War, nafasi ingefika GB 80 na sasisho lingepita. Kuirudisha kungekuwa kuweka CD na kungojea. Mega zingehitajika kwa masasisho yake tu. Na hatua aliyofikia ndani ya mchezo haipotei, kwani «Saved Data» inakaa mahali pake, mbali na mchezo. Basi kanuni yangu ni hii: futa kwanza cha CD, na ulichopakua kwa mega ukihamishe.

Kuhamisha kunaomba diski ya inje ya USB 3.0, kuanzia GB 250 mpaka TB 8. PS4 ilipata uwezo huu kwa mfumo wa 4.50, mwezi wa tatu 2017. Unaichomeka moja kwa moja kwa konsoli, bila kipande cha kugawanya USB katikati, kisha:

```
Settings > Devices > USB Storage Devices
  > Format as Extended Storage
Settings > Storage > System Storage > Applications
  > OPTIONS > Move to Extended Storage
```

Ukiwa umeweka konsoli kwa Kifaransa, majina yanabadilika lakini njia ni ile ile. Hapo kwa Format usiende mbio: inafuta kila kitu kilichokuwa ndani, na kompyuta haitaisoma tena diski hiyo kama ya kawaida. Mwenye kuwa na TFC yake humo ainakili kwanza mahali pengine.

Kwa mfano wetu, Call of Duty na GTA V ni GB 250. Diski ya kawaida ikiandika MB 80 kwa sekunde, hiyo ni karibu dakika 52. Kwa mtaa ambako umeme unakatika bila kuaga, dakika 52 ni nyingi. Hamisha mchezo mmoja mmoja, saa umeme umetulia. Ukikatika diski ikiwa inaandikwa, konsoli ikiwaka tena itaanza kuichunguza na kuitengeneza, na kuna siku haitafaulu. Hata kuichomoa, pita kwanza kwa «Stop Using This Extended Storage».

Ukimaliza, ndani unakuwa na GB 285 wazi, na michezo yote miwili inachezeka kutoka diski ya inje. Usiijaze nayo mpaka mwisho, kwani mchezo ulio huko unasasishwa huko huko, na ile nakala mpya inaomba nafasi yake. Tena, Saved Data na picha zinabaki ndani. Diski ya inje ikifa, unapoteza mega. Ya ndani ikifa, unapoteza miezi ya kucheza. Zinakili kwa USB nyingine ndogo ya kawaida.

Soko nalo liko na mtego wake. Kuna diski zinazoandikwa TB 2 kumbe ndani ni GB 32 ao 64. Zinadanganya vizuri, zinakubali kila kitu, kisha michezo haifunguki. Kabla ya kuipa konsoli, ijaribu kwa kompyuta na programu ya h2testw: inaijaza diski yote, kisha inasoma kama kilichoandikwa kipo kweli.

Mwenye PS5 asichukue haya yote bila kuchagua. Michezo ya PS4 inachezeka kutoka USB hata huko, lakini ya PS5 inawekwa tu. Kuicheza lazima uirudishe ndani. Bado ni afazali kuliko kuipakua upya.

Lawama yangu kwa waliotengeneza ile orodha ni moja. Wangeweka, pembeni ya ukubwa, neno moja tu: «CD» ao «pakua». Kijana angejua kwa jicho moja kipi anaweza kufuta bila hasara. Mpaka wafanye hivyo, orodha hiyo tuiandike wenyewe kwa karatasi, tuibandike pembeni ya televizyo.