Gramu nne zinazolizamisha yai

Wengi wetu tulifundishwa kuwa kitu kizito huzama na chepesi huelea. Lakini msumari mdogo huzama palepale ambapo gogo kavu la mnazi linaelea. Kinachoamua ni densiti, yaani tungamo la kitu likigawanywa kwa ujazo wake, na yai bichi, bakuli na mizani ya jikoni vinatosha kuithibitisha.

Weka bakuli lenye nusu lita ya maji juu ya mizani ya kidijiti, kisha irudishe kwenye sifuri. Tia yai katika kipande cha wavu wa vitunguu, ulining'inize kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa kitako wala ukingo. Tuseme mizani inasoma gramu 53. Huo ndio uzito wa maji ambayo yai limeyasukuma pembeni, na kwa kuwa mililita 1 ya maji ina gramu 1, ujazo wa yai ni mililita 53. Sasa legeza uzi yai litue chini: mizani inapanda hadi 57, tungamo la yai lenyewe. Maji yalibeba gramu 53, uzi ukabeba 4. Ulipolegea, yai likazama kwa sababu ya hizo 4 tu. Densiti yake ni 57 kwa 53, karibu 1.08.

Njia inayopendwa zaidi, ya kujaza chombo hadi ukingoni na kupima maji yanayomwagika, siipendekezi hapa. Maji huvimba kidogo juu ya ukingo kabla ya kumwagika, na kosa la gramu mbili tatu linaharibu hesabu yote.

Ukitaka yai lielee, ongeza densiti ya maji. Koroga gramu 70 za chumvi mpaka ziyeyuke zote. Densiti ya maji hufika karibu 1.09. Mililita 53 za maji hayo zina uzito wa gramu 58 hivi, zaidi ya yai. Litapanda, na sehemu ndogo ya ganda, upana wa sarafu, itachungulia juu. Chumvi ikibaki chini haijayeyuka, yai halitainuka. Maji ya bahari, yenye densiti ya 1.025 hivi, hayatoshi: humo pia yai bichi la leo huzama.

Zile gramu 4 zinaweza pia kutoka kwenye yai lenyewe. Likikaa, unyevu hupenya vinyweleo vya ganda na hewa huingia badala yake. Ujazo haubadiliki, tungamo linapungua. Likipoteza zaidi ya gramu 4, yai hili litaelea kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hiyo yai linaloelea ni la zamani, lakini si lazima liwe limeoza. Lipasulie kwenye kikombe cha pembeni na ulinuse kabla ya kulitia kwenye unga.