Malkki wa 1995 katika tasnifu ya leo

Agizo la "marejeo yasizidi miaka mitano" huwafikia wanafunzi wengi bila maelezo. Tuseme mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu Warundi na Wakongo waliofanya biashara Chilinde, hapa Lilongwe, akiwalinganisha na wenzao wanaoishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Akilifuata agizo hilo neno kwa neno, atakiacha nje kitabu kilicho karibu sana na swali lake: Purity and Exile cha Liisa Malkki, kilichochapishwa mwaka 1995.

Malkki alifanya utafiti Tanzania katikati ya miaka ya 1980, miongoni mwa Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Alifanya kazi katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo na mjini Kigoma. Watu wa Mishamo walijiona taifa lililo uhamishoni, wakasimuliana historia moja ya mateso na ya haki iliyoporwa. Kigoma mambo yalikuwa mengine kabisa. Watu waliotoka nchi ileile walijichanganya na wenyeji, wakaoana nao, na wengi hawakupenda hata kuitwa wakimbizi. Hoja yake ni kwamba mahali anapowekwa mkimbizi huchangia kuunda namna anavyojielewa. Ulinganisho wa Chilinde na Dzaleka umejengwa juu ya hoja hiyohiyo, mwanafunzi ajue asijue.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza chanzo kina umri gani, tuulize kinabeba dai la aina gani. Dai kuhusu hali ilivyo, kama idadi ya watu, sheria, bei au ruhusa ya kufanya kazi, linataka chanzo kipya iwezekanavyo, na hapa hata miaka mitano inaweza kuwa mingi mno. Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo polisi wakaanza kuwakamata na kuwahamisha kwa nguvu. Makala iliyochapishwa 2024 kwa mahojiano ya 2021 ina tarehe nzuri katika orodha ya marejeo, lakini Lilongwe inayoielezea ni ya kabla ya msako. Mwaka wa kutazama ni ule data zilipokusanywa. Aghalabu ukurasa wa kwanza hauutaji. Utafute katika sehemu ya mbinu za utafiti.

Dai la nadharia halichakai kwa namna hiyo, ila nalo lina mipaka yake. Mishamo palikuwa makazi ya wakulima, na karibu wote walitoka nchi moja katika wimbi moja la ukimbizi. Dzaleka, iliyofunguliwa 1994 wilayani Dowa mahali palipokuwa gereza, ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo, waliofika kwa nyakati tofauti. Historia moja inayowaunganisha wote ni vigumu kuitarajia hapo. Ndiyo maana Malkki hawezi kusimama peke yake. Simon Turner, katika kitabu chake cha 2010 kuhusu kambi ya Lukole, Tanzania, alirudi kwa wakimbizi wa Burundi na kuonyesha siasa na mivutano mingi ndani ya kambi. Alexander Betts na wenzake, mwaka 2016, walitazama uchumi wa wakimbizi wa Uganda, wa makazi ya vijijini na wa jijini Kampala. Ukiwaweka watatu hawa pamoja, msomaji anaona swali lilivyoanza, lilivyopingwa na lilivyohamia kwenye biashara.

Sentensi ya mapitio inaweza kuandikwa hivi: "Malkki (1995) alionyesha kuwa makazi yaliyotengwa hukuza utambulisho wa pamoja; Turner (2010) aliikuta kambi ikiwa na mgawanyiko zaidi; utafiti huu unapima hoja hizo mahali ambapo wakazi wa mjini wamerudishwa kambini kwa amri." Kila jina lina kazi. Linganisha na hii: "Wakimbizi wa kambini hushikilia historia yao (Malkki, 1995)." Hapa kazi ya zamani imefanywa ushahidi wa hali ya leo, na msimamizi ana haki ya kuikata. Jaribu kuliondoa jina la mwandishi wa zamani: kama aya haipotezi kitu, alikuwa pambo tu.

Kosa jingine, ambalo naliona baya zaidi kuliko tarehe za zamani, ni kumrejelea Malkki bila kumsoma, kwa kunakili muhtasari wa mtu mwingine. Mwanafunzi wa namna hiyo hutambulika upesi, kwa sababu huitaja Mishamo peke yake na kuisahau Kigoma, ambayo ndiyo nusu ya hoja. Kama kitabu hakipatikani, andika wazi kwamba umemsoma kupitia Turner au mwingine yeyote.

Wasimamizi nao, badala ya kuandika "vyanzo vya zamani" pembeni mwa ukurasa, wataje ni dai lipi linalohitaji data za baada ya Mei 2023.